Kupanga picha za harusi kwa tarehe: saa ya kamera kwanza, majina baadaye

Wapiga picha wenzangu, na ninyi mnaotunza picha za familia na za ofisi, habari za asubuhi. Asanteni kwa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie jinsi ya kubadili majina ya mamia ya picha kwa mkupuo mmoja, kila picha ipate jina linalotokana na tarehe na saa iliyopigwa. Amri yenyewe ni mstari mmoja, na nitaionyesha. Lakini muda mwingi nitautumia kwenye jambo linalotangulia amri hiyo, yaani saa iliyoandikwa ndani ya picha. Saa hiyo ikiwa si sahihi, programu itazipa picha zako mia nane majina mia nane ya uongo kwa sekunde chache, tena yakiwa yamepangika vizuri kiasi kwamba hakuna atakayeshtuka.

Tuanze na jina ambalo kamera inakupa. Kamera nyingi hufuata utaratibu mmoja wa zamani wa majina: herufi nne, kisha tarakimu nne kuanzia 0001 hadi 9999. Ndiyo maana unaona DSC_1187 au IMG_4410. Kamera ikifika 9999 inarudi 0001 na kuanza upya. Mpiga picha anayefanya kazi kila Jumamosi ataifikia 9999 mara nyingi, na siku moja atakuwa na picha tatu tofauti zinazoitwa DSC_0412, kila moja ya harusi yake. Akizimwaga kwenye folda moja, kompyuta itamuuliza kama afute ya zamani aweke mpya. Ukiwa umechoka, saa sita usiku, unajikuta umebonyeza "ndiyo".

Sasa, tarehe ya picha inakaa wapi? Inakaa sehemu mbili, na hizi mbili hazifanani hata kidogo. Ya kwanza ni ile unayoiona ukifungua folda, tarehe ambayo faili lilibadilishwa mara ya mwisho. Hiyo msiitegemee. Inaweza kubadilika ukizungusha picha, ukiihariri na kuihifadhi tena, au ukiipitisha kwenye baadhi ya programu na huduma za kuhifadhi mtandaoni. Ya pili imeandikwa na kamera yenyewe ndani ya faili, kwenye taarifa zinazoitwa Exif, na jina lake ni DateTimeOriginal. Hiyo inaandikwa pale unapobonyeza kitufe, na inabaki hapo hata ukiinakili picha mara mia kutoka flashi hadi flashi. Programu nyingi ndogo za kubadili majina zinatumia ile ya kwanza bila kukuambia. Kabla hujaiamini programu yoyote, tafuta kwanza inasoma tarehe ipi.

Mimi natumia ExifTool. Imeandikwa na Phil Harvey, ni ya bure, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Kwenye Windows ukiipakua utakuta faili linaitwa `exiftool(-k).exe`. Libadili liwe `exiftool.exe`, na ile folda ya `exiftool_files` inayokuja nalo iache ikae pembeni yake. Haina vitufe wala picha za kubonyeza. Unaandika amri kwenye dirisha jeusi. Najua wengine hapa wanaliogopa dirisha hilo, lakini mtaona leo kwamba mistari mnayohitaji ni michache, na mnaweza kuihifadhi kwenye karatasi.

Nichukue kazi moja halisi tuifuate mpaka mwisho. Ni harusi ya Jumamosi, tarehe 7 Septemba 2024. Wapiga picha wawili, mmoja ana Canon EOS 6D, mwingine Nikon D750, halafu shangazi wa bibi harusi amerekodi video kwa simu. Folda kuu nimeiita `harusi`, na ndani yake kila kifaa kina folda yake: `canon`, `nikon`, `simu`. Kutenganisha vifaa ni muhimu, na sababu mtaiona sasa hivi. Folda yote nimeinakili kwenye diski ya pili kabla ya kugusa chochote.

Kitu cha kwanza ni kuuliza picha zenyewe zinasema nini:

```
exiftool -T -FileName -DateTimeOriginal harusi/nikon
```

Amri hii haibadilishi kitu. Inatoa orodha, jina upande mmoja na saa upande wa pili. Orodha ya Canon ilikuwa sawa: maandalizi ya bibi harusi saa 08:20, kanisani kuanzia 10:00 na dakika zake, ukumbini jioni. Orodha ya Nikon ilikuwa na kioja. Picha za maandalizi zilisema ni tarehe 6 Septemba usiku. Picha za kanisani zilisema pia tarehe 6, saa 22. Picha za bustanini, jua likiwaka juu ya vichwa vya wasimamizi, zilisema ni 02:00, usiku wa manane, tarehe 7. Na sherehe ya jioni, taa zote zimewashwa, ilisema ni asubuhi.

Mnaelewa kilichotokea? Kamera hii inahesabu saa kwa mtindo wa saa ishirini na nne. Mwenye kamera aliiwekea saa usiku, saa mbili, naye akaandika 08:00 badala ya 20:00. Kwake saa inaonekana iko sawa, kwa sababu akiangalia mshale wa ukutani na akiangalia kamera anaona nane na nane. Lakini kamera inaamini ni asubuhi, na siku nzima iko nyuma kwa saa kumi na mbili. Na hapa kwetu kosa hili linaingia kirahisi, kwa sababu kichwani tunasema saa mbili, mkononi tunaandika nane, halafu bado tunatakiwa kukumbuka kama nane hiyo ni ya mchana au ya usiku.

Angalieni madhara yake. Kama tungeendesha amri ya majina bila kukagua, picha za Nikon za kanisani zingeitwa za tarehe 6, na zingepangwa mbele ya picha zote za Canon. Harusi moja ingekatwa vipande viwili, bibi harusi avae pete siku moja kabla ya kupakwa poda. Mtu anayechagua picha za albamu angezurura ndani ya folda hiyo akitafuta upande wa pili wa kila tukio na asiupate.

Dalili ya kosa hili haifichiki ukijua pa kuangalia. Jua na saa havikubaliani. Fungua picha ya nje yenye mwanga mkali, soma saa yake. Ikisema usiku, simama. Fungua na picha ya usiku. Huhitaji kukagua mia nane. Picha tatu kwa kila kamera, ya asubuhi, ya mchana na ya jioni, zinatosha kulifichua kosa la saa kumi na mbili. Kosa la dakika chache halionekani kwa jua, na hilo lina njia yake.

Njia yenyewe ni kutafuta tukio moja lililopigwa na kamera zote mbili kwa wakati mmoja. Kwenye harusi tukio zuri ni pete, kwa sababu kila mpiga picha yupo na kila mmoja anabonyeza. Picha ya Canon ambayo pete inapita kwenye kiungo cha kidole ilisema 10:41:31, tarehe 7. Picha ya Nikon ya sekunde hiyo hiyo, DSC_1187, ilisema 22:38:07, tarehe 6. Toa hesabu: kutoka 22:38:07 hadi 10:38:07 ni saa kumi na mbili kamili, kisha dakika 3 na sekunde 24. Kumbe juu ya kosa kubwa palikuwa na kosa dogo. Saa za kamera huchepuka polepole mwezi baada ya mwezi, na kamera hizi mbili hazikuwa zimewahi kulinganishwa.

Canon ndiyo tuliyoichukua kuwa kipimo, kwa kuwa mwenyewe alikuwa amepiga picha skrini ya simu yake asubuhi hiyo, simu ikionyesha saa na sekunde. Huo ni utaratibu ambao ningependa kila mmoja wenu auchukue. Kabla ya kazi kuanza, kila kamera ipige picha simu ile ile moja. Ukifika nyumbani unayo rekodi ya tofauti ya kila kamera, na huna haja ya kubahatisha kwa pete.

Sasa tunasahihisha saa ndani ya picha za Nikon peke yake:

```
exiftool '-AllDates+=0:0:0 12:3:24' harusi/nikon
```

Zile sifuri tatu za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku, kwamba hatuongezi chochote hapo. Zinazofuata ni saa, dakika na sekunde. Kama kamera ingekuwa mbele badala ya nyuma, tungeweka alama ya kutoa badala ya kujumlisha. AllDates inagusa tarehe tatu kwa pamoja: ile ya kupigwa, ya kuundwa na ya kubadilishwa, ili zisipingane. Wenye Windows, pale nilipoweka alama ya nukuu yenye mstari mmoja ninyi wekeni ile yenye mistari miwili, `"`, kwa sababu dirisha la amri la Windows halitambui ile ya mstari mmoja.

Sikilizeni hapa vizuri. Amri hii ni ya kuendesha mara moja tu. Ukiiendesha tena itaongeza saa kumi na mbili nyingine, na utajikuta usiku tena. Bahati nzuri ExifTool inaacha nakala ya kila picha iliyoigusa, ikiwa na neno `_original` mwishoni mwa jina. Ukiona umekosea, amri ya `exiftool -restore_original harusi/nikon` inarudisha zote zilivyokuwa. Ukishathibitisha kwamba pete ya Nikon sasa inasema 10:41:31, unazifuta nakala hizo kwa `-delete_original`, nayo itakuuliza kwanza kabla ya kufuta. Fanya hivyo kabla ya kubadili majina, si baada, kwa sababu picha ikishapata jina jipya, nakala yake ya zamani haitaijua tena.

Saa zimekubaliana. Sasa jina. Mimi naanza na mwaka, mwezi, siku, kisha kistari, kisha saa, dakika, sekunde. Mwaka ukitangulia, kompyuta ikipanga kwa alfabeti inakuwa imepanga kwa wakati, bila kuombwa. Ukianza na siku kama tunavyoandika kwenye barua, tarehe 1 za miezi yote zitakaa pamoja. Nukta mbili kati ya saa na dakika siweki, maana Windows haikubali alama hiyo kwenye jina la faili.

Mwishoni mwa jina nabakiza jina la zamani la kamera. Wapo wanaoliondoa ili jina liwe fupi, nami siwafuati. Sababu ya kwanza ni picha za mfululizo. Ukishikilia kitufe wakati bwana harusi anarushwa juu, kamera inapiga picha tano au sita ndani ya sekunde moja, na zote zina saa ile ile. Jina la zamani linazitenganisha na kuzipanga kwa mpangilio zilivyopigwa. Sababu ya pili ni wale mnaopiga faili ghafi pamoja na JPG. DSC_1187.NEF na DSC_1187.JPG zina saa moja na jina moja, kwa hiyo zitapata jina jipya moja na kubaki pacha. Ya tatu ni kwamba mteja akikupigia kesho akisema anataka ile DSC_1187 uliyomtumia juzi, unaitafuta na kuipata.

Kabla ya kubadili kweli, tunajaribu:

```
exiftool -r -d 'harusi/zote/%Y%m%d-%H%M%S_%%f.%%le' '-TestName<DateTimeOriginal' harusi/canon harusi/nikon
```

Herufi zinazofuata `-d` ndizo umbo la jina. Y ni mwaka, m ndogo mwezi, d siku, H kubwa saa, M kubwa dakika, S kubwa sekunde. Mkichanganya m ndogo na M kubwa mtapata dakika mahali pa mwezi, na jina bado litaonekana kama jina la kawaida, kwa hiyo soma mara mbili. `%%f` ni lile jina la zamani, na `%%le` ni aina ya faili kwa herufi ndogo, ili tusiwe na .JPG hapa na .jpg pale. Neno TestName linaiambia programu ionyeshe tu bila kugusa. Mnapata mistari ya namna hii:

```
'harusi/nikon/DSC_1187.JPG' --> 'harusi/zote/20240907-104131_DSC_1187.jpg'
'harusi/canon/IMG_4410.JPG' --> 'harusi/zote/20240907-104131_IMG_4410.jpg'
```

Tazameni pete ile, kamera mbili, sekunde moja, zimekaa bega kwa bega. Orodha hii ihifadhini kwenye faili la maandishi kwa kuongeza `> majina.txt` mwishoni mwa amri. Ndiyo kumbukumbu yenu ya nini kiliitwa nini.

Ikiridhisha, rudia amri ile ile ukiondoa TestName na kuweka FileName mahali pake. Picha zinahamia kwenye folda ya `zote` zikiwa na majina mapya. Kuhamishia folda nyingine ni makusudi yangu. Ukibadilishia majina hapo hapo, siku ukisahau na kuendesha amri mara ya pili, jina jipya litachukuliwa kuwa jina la zamani, na utapata faili lenye tarehe mbili zilizoungana. Zikihama, folda za `canon` na `nikon` zinabaki tupu na amri haina cha kushika.

Na kama hazikubaki tupu? Hapo ndipo mnapojifunza kitu. ExifTool haiandiki juu ya faili lililopo. Majina mawili yakigongana, la pili linakataliwa na kubaki lilipokuwa. Picha isiyo na tarehe ndani yake nayo inaachwa na onyo. Kwa hiyo kilichobaki kwenye folda ya zamani ndicho kinachohitaji macho yako, kimoja kimoja. Hesabu faili za mwanzo, hesabu za `zote`, jumlisha na zilizobaki. Lazima zilingane.

Nimeacha simu ya shangazi kwa makusudi. Video za simu hazina DateTimeOriginal kwa kawaida. Zina CreateDate, na simu nyingi huiandika kwa saa ya dunia, ile ya Greenwich, siyo saa yetu. Sisi Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa tatu. Video ya keki iliyokatwa saa 20:10 itasema 17:10, na itapangwa katikati ya picha za bustanini. Kuna nyongeza ya kuiambia programu igeuze kuwa saa ya hapa kompyuta ilipo:

```
exiftool -api QuickTimeUTC -ext mp4 -d 'harusi/zote/%Y%m%d-%H%M%S_%%f.%%le' '-FileName<CreateDate' harusi/simu
```

Video za kamera msizipitishe humo kabla ya kuzikagua, kwa kuwa kamera nyingi zinaandika saa uliyoiweka wewe mwenyewe, na nyongeza hiyo itazisogeza saa tatu mbele bila sababu. Kagua moja kwa kuilinganisha na picha ya dakika hiyo. Na kama laptopu yako imewekwa saa za nchi nyingine, irekebishe kwanza.

Linalobaki ni picha za WhatsApp, na hapa niwaambie ukweli usiopendeza. WhatsApp ikituma picha kama picha, inaibana na kuondoa taarifa za Exif. Jina kama IMG-20240909-WA0012 lina tarehe, ila hiyo ni siku ilipoingia kwenye simu, siyo siku ilipopigwa. Harusi ilikuwa tarehe 7, mjomba akatuma tarehe 9. Hakuna amri itakayoirudisha saa iliyofutwa. Mwombe mjomba aitume upya kama dokumenti, ambayo inakuja na faili lake zima, tarehe ikiwa ndani. Akishaifuta kwenye simu yake, weka alizotuma kwenye folda ya pembeni na uziache na majina yake. Kuzipachika saa ya kukisia ndani ya `zote` ni kuharibu folda ambayo kila jina lake unaweza kuliapia.

Neno la mwisho ni kwa wanaotumia Lightroom. Badilini majina kabla ya kuingiza picha humo. Ukibadilisha nje baada ya kuingiza, Lightroom itaendelea kutafuta jina la zamani, itaweka alama kwamba faili halipo, na marekebisho yako ya rangi hayatakuwa na picha ya kukaa juu yake. Kadi ikimwagwa, nakala ikawekwa diski ya pili, saa zikakaguliwa, majina yakabadilishwa, ndipo Lightroom ifunguliwe.

Mmekuja na laptopu. Tengenezeni folda ya majaribio yenye picha ishirini hivi za nakala, kutoka kamera zaidi ya moja kama mnazo, na tuanze na ile amri ya kwanza isiyobadilisha kitu. Nitapita meza kwa meza, na ninachotaka kukiona kwanza ni saa ya picha moja ya mchana.